Kuhariri jibu la kiotomatiki la likizo: tarehe ya kurejea, pa kuelekea, basi

Majibu mengi ya kiotomatiki ninayopokea kutoka maofisini yana kasoro ile ile. Ni marefu, yana salamu na dua, lakini ukimaliza kuyasoma bado hujui mwenyewe anarudi lini wala umwendee nani kwa sasa. Nimekwisha kulieleza jambo hili kwa wasomaji kwa maneno machache, na maswali bado yanarudi yale yale, kwa hiyo safari hii nalipitia lote kwa mfano mmoja.

Mfano wetu ni afisa malipo katika kampuni ya wakala wa forodha jijini Dar es Salaam. Watu wanaomwandikia ni wateja wenye makontena bandarini, madereva wanaodai posho na wauzaji wanaofuatilia ankara zao. Amepewa likizo ya mwaka ya siku 28 kuanzia Alhamisi, tarehe 17 Septemba 2026. Kampuni hiyo na afisa huyo ni vya kubuni, lakini sentensi nitakazomwandikia nimezipokea zote kwa nyakati mbalimbali, nyingine zaidi ya mara moja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kazi hii haizidi dakika 20 iwapo vitu hivi viko mezani:

- Fomu ya likizo iliyokwisha kuidhinishwa, ili tarehe uisome badala ya kuikumbuka.
- Kalenda inayoonyesha majina ya siku na sikukuu.
- Anwani ya barua pepe ya ofisi, au ya kaimu wako, pamoja na kauli yake kwamba amekubali.
- Maandishi ya jibu la zamani, kama lipo.
- Anwani mbili za kufanyia majaribio: moja ya mwenzako wa ofisi hiyo hiyo, na nyingine ya nje kabisa, kama ile unayoitumia nyumbani.

Usiache anwani ya nje. Sababu yake utaiona katika hatua ya tano.

## Hatua ya 1: Tafuta siku ya kurejea kazini

Tarehe inayohitajika katika jibu ni ile ambayo utakuwa umeketi mezani pako unafanya kazi. Siku ya mwisho ya likizo ni tarehe nyingine, na watu wengi huandika hiyo kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye fomu.

Tuhesabu kwa mfano wetu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 28 mfululizo katika mzunguko wa likizo, na sikukuu zinazoangukia humo zinahesabiwa ndani yake. Maana ya mfululizo ni kwamba Jumamosi na Jumapili nazo zimo. Ukianza na tarehe 17 Septemba, siku ya 28 inaangukia Jumatano, tarehe 14 Oktoba, ambayo ni Siku ya Mwalimu Nyerere. Afisa wetu atarudi kazini Alhamisi, tarehe 15 Oktoba 2026.

Sasa soma sentensi hii kama mteja mwenye kontena: “Nipo likizo hadi tarehe 14.” Je, tarehe 14 yupo au hayupo? Mmoja ataelewa kwamba anarudi siku hiyo, naye atapiga simu siku ya sikukuu akute ofisi imefungwa. Mwingine ataelewa kwamba anarudi tarehe 15. Sentensi ni moja, na wote wawili wameisoma kwa usahihi. Neno “hadi” ndilo linaloleta utata, kwa hiyo usilitumie kabisa katika jibu la aina hii. Andika “Nitarejea” halafu taja siku yenyewe.

Tarehe iandikwe ikiwa kamili: jina la siku, namba, mwezi kwa herufi, na mwaka. “Jumatatu ijayo” haifai, kwa sababu jibu hili litasomwa kila siku kwa wiki nne, na Jumatatu ijayo inabadilika kila wiki. Tarehe ya tarakimu tupu, kama 10/11, mmoja ataisoma tarehe 10 Novemba na mwingine, hasa mteja aliyeko Marekani, ataisoma tarehe 11 Oktoba. Jina la siku lina kazi yake pia, maana ukikosea namba, siku na namba havitalingana na mtu makini atakuuliza.

Saa ya kurejea iache. Katika Kiswahili, saa 2 asubuhi inaeleweka, lakini barua ile ile ikisomwa na mgeni aliyetafsiriwa neno kwa neno, ataona saa nane usiku. Siku peke yake inatosha.

Utajua umefanikiwa pale mtu asiyejua habari za likizo yako atakapoisoma sentensi hiyo mara moja na kukutajia siku ya kukutafuta bila kuuliza swali.

## Hatua ya 2: Hakikisha mbadala wako yupo kweli

Kosa la kawaida hapa ni kumtaja mtu ambaye hajaambiwa. Kosa la pili, baya zaidi, ni kumtaja mtu ambaye naye ataondoka katikati ya likizo yako. Nimewahi kumwandikia mtu wa ofisi moja, nikaelekezwa kwa mwenzake, na barua kwa huyo mwenzake ikanirudisha kwa yule wa kwanza. Wote wawili walikuwa likizo, kila mmoja amemtaja mwenziwe. Niliishia kwenda mwenyewe hadi mapokezi.

Ili lisikupate hilo, muulize kaimu wako mambo matatu kabla hujaandika anwani yake. Kwanza, je, yupo kazini siku zote kati ya tarehe 17 Septemba na 14 Oktoba, bila safari wala mafunzo? Pili, je, anaweza kuzifungua nyaraka zinazohitajika, yaani kwa mfano wetu jedwali la malipo na mafaili ya ankara? Kaimu asiyeweza kufungua faili atabaki kumwambia mteja asubiri, na hilo mteja alikwisha kulijua. Tatu, je, ni mambo gani utakayomwachia na yapi yatasubiri urudi?

Mahali palipo na anwani ya idara, itumie hiyo badala ya anwani ya mtu. Anwani kama `malipo@example.com`, ambayo watu wawili au watatu wanaifungua, haiugui wala haiendi likizo. Faida nyingine ni kwamba humtangazi mwenzako kwa kila mtu asiyemjua.

Namba ya simu iwe ya mezani ya ofisi. Namba ya mkononi ya kaimu usiiweke bila ruhusa yake, na hata akiruhusu, fikiri mara mbili: jibu la kiotomatiki humfikia yeyote aliyeandika, wakiwemo wauzaji wa matangazo, na namba hiyo itaendelea kupigiwa miezi baada ya wewe kurudi.

Mwisho wa hatua hii, ijaribu anwani uliyopewa. Inakili kutoka mahali inapoandikwa kwa uhakika, itumie barua fupi, na usubiri mtu ajibu. Herufi moja ikikosewa hapa, kila mteja wa mwezi mzima ataelekezwa shimoni.

Utajua umefanikiwa pale barua yako ya majaribio itakapojibiwa na mtu anayejua kwamba atakukaimu kuanzia tarehe fulani.

## Hatua ya 3: Pitisha kalamu kwenye maandishi ya zamani

Haya ndiyo maandishi ambayo afisa wetu aliyatumia mwaka uliopita na anataka kuyatumia tena baada ya kubadilisha tarehe tu:

> Habari za wakati huu! Natumaini barua hii imekukuta ukiwa mzima wa afya. Ahsante sana kwa kuwasiliana nami. Napenda kukujulisha kuwa kwa sasa nipo kwenye likizo yangu ya mwaka hadi tarehe 14, na nimesafiri na familia kwenda Moshi kumuuguza mama, hivyo mtandao utakuwa wa shida. Nitajitahidi kujibu pale nitakapopata nafasi. Kwa mambo ya dharura mtafute mwenzangu wa idara ya fedha ambaye ndiye anayeidhinisha malipo yote nisipokuwepo, au nipigie kwenye simu yangu ya mkononi. Samahani sana kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Mungu akubariki.

Kipimo cha kila sentensi ni swali moja: je, mtumaji atafanya jambo gani tofauti baada ya kuisoma? Kama hakuna, sentensi inatoka.

Salamu na shukrani. “Habari” moja inatosha. Najua mwenzetu mmoja atasema kwamba Mswahili haingii kwenye jambo bila kujuliana hali, na kwa barua ya kawaida ninakubaliana naye. Lakini hapa hakuna mtu anayemjulia hali mwenzake, kuna mashine inayojibu. Kumwambia mtu “natumaini barua hii imekukuta mzima” wakati ni yeye aliyeandika na wewe hata hujaisoma barua yake, ni adabu iliyokosa mahali pake. Tena, simu nyingi huonyesha mstari wa kwanza tu kabla ya kuifungua barua, na mstari huo ukiwa salamu tupu, tarehe haionekani.

“Likizo yangu ya mwaka.” Mtumaji anahitaji kujua kwamba haupo. Kama ni likizo ya mwaka, ya uzazi, ya ugonjwa au umefiwa, haimbadilishii chochote. Andika “Sipo kazini”.

Moshi, familia, mama. Hizi ndizo habari zinazoumiza. Umewaambia watu usiowajua kwamba nyumba yako ya Dar es Salaam haina mtu kwa wiki nne, na umeitangaza hali ya afya ya mama yako ambaye hakuombwa ruhusa. Wenzako wa karibu wanajua tayari, na wale wasiojua hawakupaswa kujua kwa njia hii.

“Mtandao utakuwa wa shida. Nitajitahidi kujibu.” Hii ni ahadi isiyo na tarehe. Mtumaji anayeisoma atasubiri, kwa sababu umemwachia tumaini, na kwa kusubiri hatamwandikia kaimu. Chagua moja: ama hutasoma barua, useme hivyo, ama unasoma, na hapo huhitaji jibu la kiotomatiki.

“Ndiye anayeidhinisha malipo yote.” Sentensi hii ndiyo ya hatari kuliko zote, nami nitakaa nayo kidogo. Matapeli wa barua pepe hufanya kazi kwa kujifanya muuzaji mnayemfahamu, wakatuma ankara yenye akaunti ya benki iliyobadilishwa. Kikwazo chao kikubwa ni yule afisa anayewajua wauzaji kwa sauti na atakayepiga simu kuuliza kulikoni. Jibu hili limewaambia kwamba afisa huyo hayupo, hatakuwepo kwa muda gani, na nani mwingine mwenye kalamu ya kuidhinisha. Barua inayofuata itakwenda kwa huyo wa pili ikianza na maneno “kama tulivyokubaliana na mwenzako kabla hajaenda likizo”. Katika jibu lako taja suala, taja anwani ya idara, na usitaje madaraka ya mtu. Na ukimkabidhi kaimu kazi, mwambie kwa mdomo kwamba hakuna mabadiliko ya akaunti yatakayofanyika bila kumpigia muuzaji kwenye namba iliyo kwenye faili la zamani.

“Au nipigie.” Ukiweka namba yako, kila jambo litakuwa dharura. Toa.

Samahani na dua. Kwenda likizo ni haki yako, huna kosa la kuombea radhi. “Asante” inatosha kufungia.

Utajua umefanikiwa pale karatasi yako itakapobaki na mambo mawili tu yenye uzito: tarehe na anwani. Ukijisikia umekuwa mkavu mno, ujue uko karibu kumaliza.

## Hatua ya 4: Andika maandishi mapya

Panga hivi: kutokuwepo na tarehe katika mstari wa kwanza baada ya salamu, kisha hali ya barua yenyewe, kisha mahali pa kwenda.

> Habari,
>
> Sipo kazini. Nitarejea Alhamisi, tarehe 15 Oktoba 2026.
>
> Barua yako haitasomwa kabla ya siku hiyo. Kwa suala la ankara au malipo lisiloweza kusubiri, tafadhali itume upya kwa malipo@example.com au piga simu ya mezani ya ofisi [namba].
>
> Asante.

Maneno “itume upya” yana uzito kuliko yanavyoonekana. Watu wengi huamini kwamba wakipata jibu lenye anwani ya mtu mwingine, barua yao imekwisha kupelekwa kwake. Haijapelekwa, isipokuwa kama wewe au fundi wa kompyuta mmeweka utaratibu huo. Usipolisema hili, mteja atakaa wiki mbili akiamini kwamba mtu analishughulikia kontena lake huku gharama za kuhifadhi mzigo bandarini zikiongezeka.

Neno “dharura” nimeliepuka kwa makusudi, kwa sababu halina kipimo. “Suala la ankara au malipo lisiloweza kusubiri” linamwambia mtu wa ombi la kazi au wa kalenda za mwaka mpya kwamba hapo si pake.

Iwapo sehemu kubwa ya wanaokuandikia hawajui Kiswahili, weka tafsiri chini ya mstari, fupi vile vile, ukihakikisha tarehe mbili zinalingana. Nimekuta majibu ambayo Kiswahili kinasema tarehe 15 na Kiingereza kinasema tarehe 5, kwa sababu mwenyewe alirekebisha upande mmoja.

Utajua umefanikiwa pale jibu lote litakapoonekana kwenye kioo cha simu bila kusogeza kurasa.

## Hatua ya 5: Liingize kwenye mfumo

Nitaeleza mifumo miwili inayotumika zaidi maofisini. Majina ya vitufe nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye kompyuta iliyowekwa lugha ya Kiingereza.

### Kwenye Gmail

1. Kwenye kompyuta, bofya alama ya gurudumu lenye meno upande wa juu kulia, kisha See all settings.
2. Ukiwa kwenye kurasa ya General, shuka hadi chini ukute Vacation responder, na uchague Vacation responder on.
3. Katika First day weka tarehe 17 Septemba 2026.
4. Weka tiki kwenye Last day, kisha ujaze tarehe 14 Oktoba 2026.
5. Katika Subject andika: Sipo kazini, nitarejea 15 Oktoba 2026.
6. Futa maandishi yote ya zamani kwenye Message na ubandike mapya.
7. Shuka tena na ubofye Save Changes.

Tarehe mbili hapa huwachanganya watu. Kwenye maandishi umeandika 15, kwenye Last day umeweka 14, na zote ni sahihi. Gmail huanza kutuma jibu usiku wa manane unapoingia siku ya kwanza, na huacha dakika moja kabla ya usiku wa manane wa siku ya mwisho. Ukiweka 15 hapo, utakuwa mezani unafanya kazi na kila anayekuandikia anaambiwa haupo.

Usipoweka tiki kwenye Last day, jibu halitakoma mpaka ulizime mwenyewe. Hilo ndilo linalosababisha mtu aambiwe mwezi Desemba kwamba mwenzake atarejea Oktoba.

Kuna kisanduku kinachosema Only send a response to people in my Contacts. Kwa afisa anayeandikiwa na wateja wapya, ningekiacha bila tiki, kwa sababu mgeni ndiye asiyejua mahali pengine pa kwenda. Kwa mtu anayewasiliana na watu wale wale kila siku, tiki inafaa, na inapunguza idadi ya wasiomhusu wanaojua kwamba hayupo.

### Kwenye Outlook

Katika Outlook ya zamani ya kompyuta, nenda File, kisha Automatic Replies. Katika Outlook mpya na ile ya kwenye mtandao, fungua Settings, kisha Accounts, kisha Automatic replies.

Washa majibu, kisha uweke kipindi. Outlook inakuruhusu kuchagua saa, na hapa ndipo Kiswahili kinapotuponza. Afisa wetu anafunga ofisi Jumatano, tarehe 16 Septemba, saa kumi na moja jioni. Kwenye kioo saa hiyo ni 5:00 PM. Mwenye haraka huchagua 11:00 PM, kwa sababu kichwani mwake ni saa kumi na moja, na kwa saa sita nzima wanaomwandikia hawapati jibu. Mwisho wa kipindi ni Alhamisi, tarehe 15 Oktoba, saa mbili asubuhi, yaani 8:00 AM.

Jambo la pili ni kwamba Outlook ina maandishi mawili tofauti, ya watu wa ndani ya ofisi na ya watu wa nje. Katika Outlook ya zamani yanaitwa Inside My Organization na Outside My Organization. Ukurasa unaofunguka kwanza ni wa ndani. Watu huuhariri huo, wakabofya OK, wakaenda zao, na ukurasa wa nje ukabaki na maandishi ya mwaka uliopita, au ukabaki umezimwa kabisa. Wenzao wa ofisini wanaona jibu zuri, mteja anaona tarehe iliyokwisha kupita. Fungua kurasa zote mbili.

Kwa kuwa kuna kurasa mbili, unaweza kuwapa wenzako jambo moja zaidi, kama vile jina la kaimu. Maandishi ya nje yabaki kama tulivyoyaandika. Na usidhani kwamba ukurasa wa ndani ni wa siri: barua ya ndani husambazwa nje kwa kubofya mara moja.

Utajua umefanikiwa pale utakapoifungua tena mipangilio baada ya kuihifadhi na kukuta kila kitu kama ulivyokiacha.

## Hatua ya 6: Lijaribu kutoka ndani na kutoka nje

Jaribio lifanyike jibu likiwa limewaka. Kwa kuwa kipindi chako bado hakijaanza, badilisha siku ya kuanza iwe leo kwa muda, kisha:

1. Tuma barua kutoka anwani ya mwenzako wa ofisini.
2. Tuma nyingine kutoka anwani yako ya nyumbani.
3. Soma majibu yote mawili kwenye simu.
4. Bofya anwani ya mbadala iliyo ndani ya jibu, uone kama inafungua barua mpya yenye anwani sahihi.
5. Rudisha tarehe ya kuanza mahali pake na uhifadhi.

Usijitumie barua kutoka anwani ile ile unayoijaribu. Kama jibu halikufika upande wa nje, tazama kwanza kwenye barua taka, kisha uangalie kama ukurasa wa nje umewashwa.

Ukirudia jaribio kutoka anwani ile ile na usipate jibu la pili, hakuna kilichoharibika. Gmail humjibu mtu mmoja mara moja, na hurudia tu kama ameandika tena baada ya siku nne. Outlook inayotumia seva ya ofisi humjibu kila mtumaji mara moja kwa kipindi chote. Katika Gmail, ukihariri maandishi hesabu inaanza upya. Katika Outlook, zima kisha uwashe. Vile vile, Gmail haijibu barua iliyoangukia kwenye barua taka wala zile za orodha za pamoja, kwa hiyo mteja ambaye barua zake huwa zinaangukia huko hatapata kitu. Kama unamjua mteja wa namna hiyo, mpigie simu kabla hujaondoka.

## Hatua ya 7: Tarehe ikibadilika, na asubuhi ya kurejea

Likizo hurefushwa. Tuseme afisa wetu ameongezewa siku na sasa atarudi Jumatatu, tarehe 19 Oktoba. Tarehe hiyo inabadilishwa mahali pawili, au patatu kwa Gmail: ndani ya maandishi, kwenye kichwa cha barua, na kwenye mpangilio wa siku ya mwisho, ambao sasa utakuwa Jumapili, tarehe 18. Akibadilisha maandishi peke yake, mfumo utajizima tarehe 14 kama alivyouagiza mwanzo, na siku nne zinazofuata wateja watakutana na ukimya.

Mabadiliko hayo hayawafikii waliokwisha kupata jibu la kwanza, mpaka waandike tena. Kwa hiyo yule aliyepanga kuja ofisini tarehe 15 kwa kuamini jibu lako, kaimu ndiye wa kumjulisha. Mpe majina hayo kwa simu.

Asubuhi ya kurejea, kabla hujafungua barua hata moja, hakikisha jibu limezima. Gmail huonyesha utepe juu ya kurasa wenye maneno End now iwapo bado linatuma. Outlook nayo huonyesha taarifa kwamba majibu yamewashwa. Kisha jitumie barua moja kutoka anwani ya nyumbani, iliyo mpya kwa mfumo ikiwezekana, na usubiri dakika chache. Isiporudi na jibu, muulize kaimu ni barua zipi zilizofika `malipo@example.com`, ili usije ukamlipa mara ya pili muuzaji ambaye ankara yake ilikwisha kushughulikiwa ulipokuwa hupo.